Jinsi ya Kumwandalia Mfanyakazi Mpya Muhtasari wa Likizo, Saa za Ziada na Nidhamu

Katika kiwanda kimoja nilichokifanyia kazi za utumishi, mwendesha mashine aliyeajiriwa tarehe 2 Machi 2020 alianza likizo yake ya kwanza Jumatatu ya tarehe 7 Desemba mwaka huo huo. Siku alipoajiriwa nilimpa karatasi fupi yenye muhtasari wa kitabu cha mwongozo wa wafanyakazi, na humo nilikuwa nimeandika kwamba likizo ya mwaka ni siku 28. Yeye alizihesabu kama siku za kazi. Aliruka Jumapili zote, akaruka sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9, akaruka tarehe 25 na 26 Desemba, Mwaka Mpya na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, kisha akaripoti kazini kwa amani kabisa Alhamisi ya tarehe 14 Januari 2021. Kitabu kilimtaka arudi tarehe 4. Alikuwa amekosa siku 8 za kazi, na kitabu hicho hicho kilisema kwamba kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 za kazi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu.

Kwenye kikao cha nidhamu aliitoa ile karatasi yangu mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani. Mwenyekiti aliisoma, akaitazama fomu ya likizo ambayo nafasi ya tarehe ya kurudi ilikuwa imeachwa wazi, akaamua kwamba mfanyakazi hakudanganya. Aliondoka na onyo la maandishi na siku 8 zisizolipwa. Maneno niliyoyaacha ni mawili tu: "mfululizo" na "pamoja na sikukuu". Mwongozo huu unaeleza namna ninavyouandaa muhtasari huo tangu wakati ule, hatua kwa hatua, kwa ajili ya afisa utumishi, msimamizi au mwakilishi wa wafanyakazi anayepewa kazi hiyo.

Mifano yote ni ya Tanzania Bara na ya sekta binafsi, ambako sheria ya msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pamoja na Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana taratibu zao, kwa hiyo anayeandika kwa ajili ya hao asichukue takwimu zilizomo humu.

Hatua ya kwanza: kukusanya karatasi na kuzipanga kwa uzito

Usianze na kitabu peke yake. Weka mezani toleo la kitabu linalotumika sasa, mkataba wa ajira wa mfanyakazi mwenyewe, mkataba wa hali bora kama kampuni ina chama cha wafanyakazi kilichoingia makubaliano hayo, na nakala ya sheria. Angalia tarehe ya toleo la kitabu kwanza, kwa sababu mara nyingi nakala iliyo kwenye kompyuta ya msimamizi ni ya zamani kuliko ile iliyosainiwa na meneja mkuu, na tofauti zao hukaa hasa katika vipengele vya likizo na vya saa za ziada.

Kisha soma kila kipengele ukikilinganisha na sheria. Sheria ni sakafu: kitabu kinaweza kumpa mfanyakazi zaidi, hakiwezi kumpa pungufu. Kitabu kikimpa baba siku 5 mtoto anapozaliwa wakati sheria inasema angalau siku 3, andika 5. Kitabu kikisema likizo ya mwaka ni siku 21, usiandike 21 na usiandike 28 kimyakimya. Mpelekee mkuu wa utumishi kipengele hicho kwa maandishi, subiri kirekebishwe, ndipo uendelee. Ukiandika 21 utakuwa umesambaza kosa kwa jina lako, na ukiandika 28 bila kitabu kurekebishwa utamwacha mfanyakazi akibishana na msimamizi wake huku kila mmoja ameshika karatasi yake.

Mkataba wa mfanyakazi unahitajika kwa mambo machache ambayo kitabu hakiwezi kuyajua: tarehe aliyoanza kazi, mshahara wake wa msingi, urefu wa kipindi chake cha majaribio, na kama cheo chake kinamtoa katika masharti ya saa za ziada. Sheria haiwahesabii saa za ziada wale wanaowasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na msimamizi mpya wa zamu anastahili kujua siku ya kwanza kama yumo katika kundi hilo au la.

Hatua ya pili: kupiga mstari kabla ya kufupisha

Kosa la muhtasari mara nyingi huwa kwenye kilichoachwa, kwa sababu mkono wa mwandishi hupenda kukata maneno madogo, na masharti hukaa ndani ya maneno madogo hayo hayo. Kwa hiyo, kabla sijaandika sentensi yoyote, napitia sura tatu za kitabu nikiwa na kalamu, na kupiga mstari chini ya aina nne tu za maneno: idadi, muda wa mwisho, cheo cha anayetoa idhini, na kila neno linaloanzisha sharti, kama vile "isipokuwa", "endapo", "baada ya", "kwa maandishi" na "mfululizo". Chochote kilichopigiwa mstari hakiruhusiwi kuachwa. Yaliyobaki yanaweza kufupishwa au kuondolewa bila hasara.

Chukua kipengele hiki, ambacho ni cha aina inayopatikana katika vitabu vingi:

> "Mfanyakazi atakayeugua atapaswa kumjulisha msimamizi wake kabla ya zamu yake kuanza, au mapema iwezekanavyo siku hiyo hiyo, na kuwasilisha cheti cha daktari aliyesajiliwa ndani ya saa 48, na kukosa kufanya hivyo kutahesabiwa kuwa ni utoro isipokuwa pale ambapo hali ya ugonjwa haikumruhusu."

Mstari utakaa chini ya "msimamizi wake", "kabla ya zamu", "siku hiyo hiyo", "daktari aliyesajiliwa", "saa 48" na "isipokuwa". Muhtasari wake utasomeka hivi: "Ukiugua, mpigie msimamizi wako kabla ya zamu kuanza, au siku hiyo hiyo. Leta cheti cha daktari aliyesajiliwa (ile ED) ndani ya saa 48. Ukichelewa utaandikiwa utoro, isipokuwa kama uliumwa kiasi cha kushindwa kutoa taarifa." Maneno yamepungua na sharti halikupotea. Neno ED nimeliweka kwa makusudi, kwa kuwa ndilo watu wanalolitumia kwenye dirisha la zahanati na kwenye meza ya utumishi, na mfanyakazi anayeambiwa "cheti cha udhuru wa kitabibu" anaweza kudhani ni karatasi nyingine.

Hatua ya tatu: likizo, kwa tarehe za mtu mwenyewe

Kitabu huandika likizo kwa ajili ya watu wote. Muhtasari wa mfanyakazi mpya unapaswa kuzigeuza kuwa tarehe zake. Turudi kwa yule mwendesha mashine aliyeanza tarehe 2 Machi 2020 na tumwandikie upya.

Jambo la kwanza ambalo mfanyakazi mpya hapendi kulisikia, na ambalo lazima lisemwe mwanzoni, ni kwamba sheria haimpi mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kazini haki ya likizo yenye malipo, ukiacha hali za pekee kama za wafanyakazi wa msimu. Kwake yeye hiyo ina maana ya hadi tarehe 1 Septemba 2020. Waajiri wengi hulegeza sharti hilo kwa ugonjwa na msiba, kwa hiyo tafuta katika kitabu kama wako amefanya hivyo, na ukute jibu kabla ya kuandika. Kama kitabu kiko kimya, uliza, kisha weka jibu kwa maandishi.

Mzunguko wa likizo ya mwaka ni miezi 12, nao kwake unaanza tarehe aliyoajiriwa: kuanzia tarehe 2 Machi 2020 hadi tarehe 1 Machi 2021. Ndani ya mzunguko huo anastahili siku zisizopungua 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zimo ndani ya hesabu. Sheria inamruhusu mwajiri kupanga wakati wa likizo hiyo, mradi isipite miezi 6 tangu mzunguko uishe, yaani kabla ya tarehe 1 Septemba 2021 kupita. Ikipita hapo, hadi miezi 12, lazima mfanyakazi awe amekubali na kazi zenyewe ziwe zimelazimu. Mshahara wa kipindi cha likizo hulipwa kabla likizo haijaanza. Siku za ruhusa yenye malipo alizoziomba mwenyewe katikati ya mwaka zinaweza kupunguzwa katika hizo 28, na hili liandikwe, kwa sababu ndilo chanzo cha ugomvi kila Desemba.

Hapa ndipo mfano wa kalenda unapofaa kuliko maelezo. Andika: "Ukianza likizo Jumatatu tarehe 7 Desemba, siku ya 28 ni Jumapili tarehe 3 Januari, nawe unaripoti Jumatatu tarehe 4 Januari. Jumapili na sikukuu zimehesabiwa." Ongeza sentensi moja kwamba tarehe ya kurudi ni ile iliyoandikwa kwenye fomu ya likizo, na kwamba asiipokee fomu ambayo nafasi hiyo iko wazi. Sentensi hiyo moja ingeyazuia yote yaliyompata mtu wetu.

Likizo nyingine zote zina mzunguko wa miezi 36, na hili husahaulika kirahisi sana. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi hiyo 36, ambazo 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Ukiandika "siku 126 za ugonjwa" bila kutaja mzunguko, mfanyakazi ataamini kwamba ni za kila mwaka. Vivyo hivyo kwa siku 4 zinazotolewa kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada: ni siku 4 kwa mzunguko mzima, si kwa kila msiba, na zinazozidi hutolewa kwa ridhaa ya mwajiri bila malipo. Ni sharti gumu kwa jamii inayozika kwa kusafiri mikoa miwili, na ninaamini mwajiri mwenye uwezo anapaswa kutoa zaidi. Lakini muhtasari unasema kilichopo, ili mtu asigundue ukweli huo akiwa stendi ya basi. Baba hupata angalau siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Kwa likizo ya uzazi, andika siku 84, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, na uweke mbele kabisa wajibu wa mama wa kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti cha daktari. Saa 2 za kunyonyesha kwa siku anaporudi kazini zinastahili mstari wake wenyewe. Wengi hawaziombi kwa kuwa hawajawahi kuzisikia.

Hatua ya nne: saa za ziada, kwa shilingi

Anza na ratiba ya kawaida, kwa kuwa mtu hawezi kujua saa ya ziada ni ipi kabla hajajua ya kawaida inaishia wapi. Sheria inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki na siku 6 kwa wiki. Kiwanda cha mfano wetu kinafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, na saa moja ya kula katikati, ambayo ni saa 8 za kazi. Jumamosi ni saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana, saa 5. Jumla ni 45. Andika saa kwa namna watu wanavyozitamka, na pembeni uweke zinavyosomeka kwenye mashine ya mahudhurio, yaani 07:00 na 16:00. Nimeona mtu akikatwa nusu siku kwa sababu alisoma 19:00 kwenye ratiba ya zamu akaelewa saa tisa.

Baada ya hapo hesabu thamani ya saa moja yake. Jedwali la sheria linagawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Tuseme mkataba wake unasema mshahara wa msingi ni shilingi 390,000 na posho ya nauli ni shilingi 60,000. Posho haiingii:

```
390,000 ÷ 4.333 ÷ 45 = 2,000 (takriban) kwa saa
```

Saa ya ziada ya siku ya kawaida hulipwa angalau mara 1.5, yaani shilingi 3,000. Saa ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu hulipwa mara 2, yaani shilingi 4,000. Saa ya usiku, ambayo kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa angalau asilimia 5, yaani shilingi 100 kwake. Na saa hiyo ya usiku ikiwa pia ni ya ziada, asilimia 5 huhesabiwa juu ya 3,000, hivyo anapata 3,150.

Mpe mfano wa wiki moja. Amebaki hadi saa 12 jioni siku za Jumatatu, Jumanne na Jumatano, jumla ya saa 6, na Jumapili akaitwa kwa saa 8. Saa 6 kwa 3,000 ni shilingi 18,000, saa 8 kwa 4,000 ni shilingi 32,000, kwa hiyo hati yake ya mshahara inapaswa kuonyesha shilingi 50,000 juu ya mshahara wa kawaida. Mwambie aitafute namba hiyo kwenye hati. Njia ya kutambua kosa linalojitokeza mara nyingi ni hii: ukiona thamani ya saa imeandikwa 1,625, mhasibu amegawanya 390,000 kwa siku 30 kisha kwa saa 8, kana kwamba mtu anafanya kazi mwezi mzima bila Jumapili. Kwa saa ya ziada hiyo ni shilingi 2,437.50 badala ya 3,000, nalo pengo la shilingi 562.50 kwa kila saa si la kuachwa.

Kuhusu mipaka, andika miwili: saa za ziada hufanywa kwa makubaliano na hazizidi 50 katika wiki 4, na kazi yote ya siku moja haizidi saa 12. Kwa ratiba hii, mtu aliyeingia saa 1 asubuhi na kula kwa saa moja anaufikia mpaka huo saa 2 usiku. Anayebakishwa hadi saa 3 tayari amevuka, hata kama amekubali na hata kama analipwa.

Kitabu karibu kila mara kitadai fomu ya saa za ziada iliyosainiwa na mkuu wa idara kabla ya kazi kuanza. Weka sharti hilo kwa maneno yake yote, lakini usiligeuze kuwa "bila fomu hakuna malipo", kwa sababu mwajiri aliyemtaka mtu abaki na akabaki anadaiwa saa hizo. Mimi huandika hivi: "Ukiombwa kubaki, omba fomu kabla hujaanza. Fomu isipopatikana na msimamizi akakutaka uendelee, andika saa ulizoanza na kumaliza, kisha peleka taarifa ofisi ya utumishi asubuhi inayofuata."

Hatua ya tano: nidhamu, kwa mpangilio wa siku

Sura ya nidhamu ndiyo ndefu kuliko zote kitabuni na ndiyo mfanyakazi mpya huiruka, akiamini kwamba haimhusu. Usimwandikie orodha ya makosa 40. Mwandikie kwanza yale ambayo tukio la kwanza tu linaweza kumwachisha kazi, na Kanuni za 2007 zinayataja: ukosefu mkubwa wa uaminifu, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumshambulia mfanyakazi mwenzake, mteja, msambazaji, ndugu wa mwajiri au mtu anayehusiana na mwajiri, na ukaidi mkubwa. Ongeza utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi. Kisha eleza kwa mfano wa kiwandani maana ya kila moja, kwani "uzembe mkubwa" kwa mwendesha mashine ni kuondoa kinga ya mkanda wakati mashine inazunguka, na hilo analielewa mara moja.

Makosa mengine hupitia maonyo: la mdomo, la maandishi na la mwisho. Mwambie kila onyo linadumu kwa muda gani, mara nyingi miezi 6, na mwambie kwamba kusaini barua ya onyo ni kukiri kuipokea, naye anaweza kuandika juu yake kwamba hakubaliani na yaliyomo. Wanaokataa kusaini hudhani wamejilinda, kumbe wamepoteza nafasi ya kuweka maelezo yao kwenye jalada.

Kikao cha nidhamu kiandikwe kama mfululizo wa siku, kwa kuwa ndivyo kitakavyomjia. Kwanza mwajiri huchunguza kama kuna sababu ya kumshtaki. Tuhuma zikiwa nzito anaweza kumsimamisha kazi wakati uchunguzi unaendelea, naye huendelea kupokea mshahara kamili. Kisha hupewa hati ya tuhuma kwa lugha anayoielewa, na tangu aipokee hadi kikao lazima zipite saa zisizopungua 48 ili ajiandae. Akiipokea Jumanne saa 4 asubuhi, kikao hakiwezi kuwa kabla ya Alhamisi saa 4 asubuhi. Mwambie aandike saa na tarehe ya kupokea pembeni ya saini yake. Alama hiyo ndogo ya kalamu ndiyo inayoonyesha baadaye kama muda ulitimia.

Kikao huongozwa na kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Mfanyakazi anaweza kufuatana na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, anasikiliza ushahidi, anawauliza mashahidi maswali na kuleta wake. Akionekana ana hatia, hupewa nafasi ya pili ya kusema, safari hii kuhusu mambo ya kumpunguzia adhabu, kama vile muda aliotumikia, rekodi safi au mazingira ya nyumbani. Wengi hunyamaza hapo kwa kudhani mambo yamekwisha. Yule mtu wetu aliitoa karatasi yangu katika nafasi hiyo hasa, na ndiyo iliyomwokolea kazi.

Rufaa ya ndani ina muda mfupi, siku 5 za kazi katika vitabu vingi, na hujazwa kwenye fomu ikiwa na sababu. Hapa napo niliwahi kuandika "unaweza kukata rufaa" bila kutaja siku, na mfanyakazi akaja siku ya 8 na sababu nzuri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Akiachishwa kazi na akaona ameonewa, anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu aachishwe au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Migogoro mingine, kama ya saa za ziada zisizolipwa, ina siku 60. Namba hizo mbili ziandikwe kwa wino mzito.

Sehemu hii haiwezi kufungwa bila ukweli mmoja unaomhusu mfanyakazi mpya kuliko mwingine yeyote. Kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii aliye na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Taratibu za kitabu zinamhusu tangu siku ya kwanza na mwajiri anapaswa kuzifuata, na notisi ni siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, kisha siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Lakini asidanganywe kwamba ana kinga ile ile ya mwenzake wa miaka mitatu.

Kuhusu makato kwa ajili ya hasara, sentensi mbili zinatosha: mwajiri hakati kabla ya kuthibitika kwamba hasara ilitokana na kosa la mfanyakazi na kabla hajapewa nafasi ya kujieleza, na makato yote hayazidi robo ya mshahara.

Hatua ya sita: kusoma pamoja naye

Muhtasari wote ukae kurasa mbili, na kila aya iwe na namba ya kipengele cha kitabu mwishoni, ili anayetaka maneno kamili ayapate. Juu kabisa andika toleo la kitabu na tarehe yake, na chini yake sentensi inayosema kwamba muhtasari hauchukui nafasi ya kitabu, kitabu chenyewe kinapatikana ofisi ya utumishi na kwa mwakilishi wa tawi.

Usimpe akasome nyumbani. Kaa naye nusu saa, soma kwa sauti, kisha muulize maswali ambayo jibu lake ni kitendo. Ukianza likizo tarehe 7 Desemba unarudi lini? Umeamka na homa saa 11 alfajiri, unampigia nani? Umepewa hati ya tuhuma leo saa 4 na unaambiwa kikao ni kesho, unasema nini? Akikosea moja, kosa ni la karatasi. Irekebishe sentensi hiyo hapo hapo kwa kalamu, na kesho yake irekebishe kwenye kompyuta kabla ya mwajiriwa anayefuata.

Mwisho asaini nakala mbili kwa tarehe, moja iende kwenye jalada lake na nyingine aondoke nayo. Mwambie aitunze pamoja na mkataba wake.